Posti ya makato ya korosho imewasha moto: nifute?

*Mshauri, nauza pembejeo Newala. Niliandika Facebook kwenye ukurasa wa duka kwa nini mkulima hapokei bei yote ya mnada, nikamalizia "makato haya yanammaliza mkulima." Sasa watu wanatukanana kwa vyama vya siasa, mimi naitwa chawa, na katibu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ambaye ni mteja wangu mkubwa, amenuna. Nifute?*

Usifute kwanza. Picha za skrini zimeshapigwa, na ukifuta leo watasema umetishwa au umenunuliwa. Anza na simu kwa katibu, kabla hujajibu mtu yeyote hadharani. Usijitetee. Muulize ni sentensi ipi imemuudhi. Nahisi ni hiyo ya mwisho: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji na sehemu ya chama cha ushirika umevitia kwenye kapu moja, na anayelaumiwa kijijini ni yule aliye karibu, yaani yeye.

Baada ya hapo rekebisha sentensi hiyo, na useme wazi kwamba umeirekebisha, maana Facebook huonyesha historia ya mabadiliko. Kisha weka jibu moja tu na ulibandike juu:

"Nilieleza makato yanayokatwa kati ya bei ya mnada na malipo ya mkulima. Sikusema AMCOS yoyote imeiba. Asiyeelewa mstari wowote kwenye karatasi yake ya malipo aulize, nitamjibu. Siasa za vyama sitazijadili kwenye ukurasa wa duka."

Halafu lishikilie. Anayeuliza makato mjibu, hata akiuliza kwa hasira, kwa sababu huyo kesho anakuja kununua salfa. Wanaobishana wao kwa wao waache. Aliyekuita chawa usimjibu; ukimjibu umempa jukwaa.

Wengi hukosea kwenye kulaiki. Shabiki wako akiandika "viongozi wa AMCOS wote wezi" nawe ukaweka kidole, katibu atahesabu umesema wewe. Kwa hiyo usilaiki upande wowote, hasa unaokusifu.

Matusi yafiche, lakini ujue kwamba komenti iliyofichwa bado inaonekana kwa aliyeiandika na marafiki zake, kwa hiyo hatajua mara moja. Inayomtaja mtu kwa jina kuwa mwizi bila ushahidi, ihifadhi picha yake kisha uifute kabisa. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ukurasa ni wako.

Ukiona maswali ya makato yamekwisha na yamebaki matusi matupu, bana wanaoruhusiwa kukomenti na uache posti ilivyo. Ila kama katibu atakuonyesha kwamba umekosea kiwango chenyewe cha kato, hapo hakuna ujanja: andika sahihisho kwenye posti ileile, na umpelekee alisome kabla halijatoka.