Saa 2 sio namba 2: kwa madogo mnaotengeneza meseji za kuthibitisha miadi

Mbukwa wadogo zangu. Wiki hii nimeangalia kazi ya dogo mmoja, sistimu ya miadi, mteja anatumiwa meseji anajibu 1 kuthibitisha au 2 kufuta, nikafungua sehemu inayosoma majibu nikakuta hiki:

```python
if "2" in ujumbe:
    futa(miadi)
```

Niliinuka nikatembea kidogo. Hii mistari naijua, niliiandika mwenyewe.

1. Usitafute namba ndani ya sentensi. Ilikuwa kliniki moja ya meno hapa Dodoma, sistimu ilikuwa yangu mwanzo mwisho. Tukamtumia mzee mmoja wa Mpwapwa meseji, "Una miadi Alhamisi saa 2 asubuhi. Jibu 1 kuthibitisha, 2 kufuta." Mzee kasoma vizuri kabisa, kajibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu: "Sawa mwanangu saa 2 nitakuwepo". Sistimu yangu ikaona 2, ikafuta, kiti akapewa mtu mwingine, na kwa sababu nilitaka kubana gharama za meseji sikumrudishia mzee neno lolote. Akaja Jumatano, akalala kwa binti yake Chang'ombe, asubuhi saa 2 kasoro yuko mapokezi ameshika shavu limevimba. Dada wa mapokezi anamwambia, baba hapa inaonyesha ulifuta. Mzee hakugomba, alitoa simu mfukoni akaifungua taratibu akamwonyesha, "Mimi nilijibu mama, soma." Nikapigiwa simu nikaenda, nikaisoma ile meseji kwenye kioo kidogo cha kitochi chake huku amekaa pembeni yangu, na sikuwa na cha kumwambia zaidi ya samahani mzee. Daktari alimwona saa 6. Masaa manne na jino linauma, kwa sababu yangu.

Jioni nikapitia majibu yote ya nyuma. Kulikuwa na mwingine kaandika "siwezi kuja" na sistimu ikamthibitisha, maana nilikuwa natafuta pia neno "kuja". Kiswahili kinakanusha mwanzoni mwa kitenzi, sitakuja na nitakuja zote zina "kuja" ndani, kwa hiyo kutafuta kipande cha neno kwa lugha yetu ni kujitafutia balaa. Jibu liwe sawasawa na neno lenyewe zima, likiwa na chochote cha ziada linaenda kwa binadamu:

```python
neno = ujumbe.strip().upper()
if neno in ("1", "NDIYO", "NDIO"):
    thibitisha(miadi)
elif neno in ("0", "HAPANA"):
    futa(miadi)
else:
    peleka_mapokezi(miadi, ujumbe)
```

Mmeona nimeweka 0 badala ya 2? Hata ukisoma neno zima, mtu uliyemwambia saa 2 anaweza kujibu "2" tupu akimaanisha nimeelewa, ni hiyo saa. Saa 0 kwetu haipo, na saa 1 asubuhi kliniki bado imefungwa, kwa hiyo 1 na 0 hazigongani na muda wa mtu yeyote. Halafu kwenye kitochi 1 na 2 zimepakana, ila 0 iko chini kabisa, kidole hakiteleziki kirahisi.

2. Kila jibu lirudishiwe jibu, hasa la kufuta. "Tumefuta miadi yako ya Alhamisi saa 2 asubuhi. Kama hukukusudia, jibu 1." Na hicho kiti usimpe mtu hapo hapo, sisi tunakishikilia masaa mawili. Mzee wangu angeipata hiyo meseji angejibu 1 akiwa bado kwao.

3. Mkiona majibu ya nukta peke yake au meseji tupu msiyatupe. Kitochi kikiwa kwenye herufi, kitufe cha 1 kinatoa nukta, na nyingi 0 inatoa nafasi. Huyo mtu kabonyeza mlichomwambia. Usimkisie lakini, mrudishie "Shikilia kitufe cha 1 au cha 0 mpaka namba itokee, kisha tuma", na akikwama tena mpigieni.

4. Jina la herufi kama mtumaji halijibiki, tumieni namba fupi au namba ya kawaida. Msikopi meseji kutoka Microsoft Word, alama za kunukuu zilizopinda zinashusha nafasi kutoka herufi 160 hadi 70, na ikizidi hapo mnalipia meseji mbili au tatu.

5. Simu moja watu wawili. Mama ana miadi yake na ya mtoto, anajibu 1, ya nani? Meseji ya simu haibebi alama ya kuonyesha inajibu ipi, mnachopata ni namba ya simu na maneno tu. Sisi tunatuma ya kwanza, tunasubiri jibu, ndio tunatuma ya pili, na kila meseji inataja jina la mgonjwa. Asipojibu ya kwanza mpaka jioni, dada wa mapokezi anampigia na kuuliza zote mbili kwa mpigo.

Dogo, ile mistari ibadilishe leo kabla hujaenda kula, kuna watu wa kesho asubuhi washatumiwa meseji.