Kuweka wakfu na kubatiza mtoto

"Mume wangu ni Mlutheri wa KKKT, mimi ni Mpentekoste wa TAG, tupo Moshi. Mama mkwe anasema kuweka wakfu ni ubatizo usio na maji. Ni kweli?"

Dada, mama mkwe kapatia nusu: ahadi za kumlea mtoto katika imani zinafanana. Ila kwa Walutheri, baada ya Imani ya Mitume na ahadi za wazazi na wasimamizi, mchungaji humwagia mtoto maji kichwani mara tatu kwa jina la Utatu. Hapo amebatizwa, na kipaimara hufuata akikua.

Kwenu TAG, mchungaji humpakata mtoto, anasoma habari za Hana na Samweli, anawauliza ninyi wazazi kama mtamlea kwa Bwana, kisha anamwombea. Basi. Mtoto bado hajabatizwa. Ataamua mwenyewe ukubwani, azamishwe.

Kwa hiyo mkimweka wakfu tu, siku akitaka kipaimara atabatizwa kwanza. Mkimbatiza, kwenu huenda akatakiwa kuzamishwa baadaye, jambo ambalo Walutheri huliita kubatizwa mara ya pili. Hapo ndipo wanandoa wanaweza kukwama.