Hedhi nzito baada ya miaka 35: angalia ukuta wa kizazi

Mimi na mdogo wangu sote tunaumwa vibaya wakati wa hedhi, na kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, watu walisema ni ugonjwa mmoja wa ukoo. Vipimo vimeonyesha magonjwa mawili. Yeye ana endometriosisi, mimi nina adenomiosisi. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa miaka 35 na kuendelea ambao damu imeanza kuwazidi.

Ndani ya kizazi kuna utando unaojengeka kila mwezi kisha unatoka kama hedhi. Katika endometriosisi, utando unaofanana na huo huota nje ya kizazi: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo. Ndiyo maana mdogo wangu alianza kuumwa tangu shuleni, huumia akienda haja kubwa siku za hedhi, na amechelewa kupata mimba. Damu yake lakini ni ya kawaida.

Katika adenomiosisi, utando huo hupenya ndani ya misuli ya kizazi chenyewe. Kila mwezi huvimba na kuvuja damu humo humo, kama maji yaliyonywewa na ukuta wa udongo. Misuli hukasirika, hunenepa, na kizazi hukua. Kwa kawaida, damu ya hedhi hupungua kwa sababu misuli hujikaza na kubana mishipa. Misuli iliyopenywa haibani vizuri. Tena utando umepata eneo kubwa zaidi na mishipa mingi zaidi, na kemikali ziitwazo prostaglandini zinaongeza mikazo ya maumivu. Hapo ndipo unapata vyote viwili, damu nyingi na maumivu.

Kwa nini miaka hii? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mpaka kati ya utando na misuli huharibika kidogo kidogo: kwa uzazi, kwa upasuaji wa kujifungua, kwa kusafishwa kizazi baada ya mimba kutoka. Homoni ya estrojeni nayo huulisha utando huo mwaka baada ya mwaka. Mimi nimezaa watatu, wa mwisho kwa kupasuliwa. Lakini wasichana pia huupata, na mwanamke anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja.

Kilichonichelewesha ni karatasi ya ekografi iliyoandikwa "fibromu" bila kipimo chochote. Fibromu ni uvimbe wenye mpaka; daktari huweza kuupima kwa milimita na mara nyingi kuutoa peke yake. Adenomiosisi haina mpaka, kwa hiyo si rahisi kuichomoa. Basi, dada yangu, ukiambiwa una fibromu, uliza: iko wapi, ina ukubwa gani, ukingo wake unaonekana? Kwangu, daktari wa wanawake alirudia ekografi kwa kuingiza kifaa ukeni, ambacho huona vizuri kuliko kile cha juu ya tumbo. Aliandika: kizazi kikubwa cha mviringo, ukuta wa nyuma mnene kuliko wa mbele, vijifuko vidogo vya maji ndani ya misuli. Alipokigusa kilikuwa laini, na kiliniuma.

Siku hiyo hiyo alinipima damu: hemoglobini 7.8, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Kuchoka nikipanda na mzigo kutoka soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kulitokana na hilo. Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza mbali na chai, na niliendelea miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ijae. Sombe ni nzuri, lakini haiwezi kulipa deni la namna hiyo peke yake.

Kwa hedhi yenyewe, ibuprofeni ikianzwa mara maumivu yanapoanza, baada ya chakula, hupunguza prostaglandini; mwenye vidonda vya tumbo asiitumie. Asidi traneksamiki hupunguza damu, lakini aliyewahi kuganda damu mguuni asiimeze. Kilichonisaidia zaidi ni koili yenye homoni ya levonojestreli. Miezi ya kwanza nilitokwa matone matone bila mpango, na wengi huitoa wakati huo. Nilivumilia, na sasa hedhi ni kidogo sana. Wengine hutumia vidonge vya homoni. Kuondoa kizazi humaliza adenomiosisi kabisa, kwa asiyetaka kuzaa tena. Kwa mdogo wangu kungeweza kumwachia maumivu, kwa sababu ugonjwa wake uko nje ya kizazi.

Ukijaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukishikwa na kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu ikitoka kati ya hedhi moja na nyingine au baada ya tendo la ndoa, au hedhi ikivurugika baada ya miaka 45, omba mlango wa kizazi uangaliwe na kipande cha utando kichukuliwe kupimwa kabla ya kupewa homoni yoyote. Saratani nayo huanza kwa damu.