Nilifuta Timeline, ramani bado ikataja kliniki yangu

Dada mmoja ameniandikia wiki hii: amezima lokesheni kwenye simu, sasa roho imetulia. Yangu nayo ilitulia hivyohivyo, mpaka siku ile pale Morocco, Dar es Salaam.

Tulikuwa wanne kwenye gari la ofisi, foleni haisogei, tunatafuta ukumbi wa semina Mbezi Beach. Bosi akaomba simu yangu aangalie njia kwenye Google Maps. Alipogusa tu sehemu ya kutafutia, hajaandika hata herufi moja, orodha ikashuka: duka la vitambaa Kariakoo, chini yake kliniki ya uzazi kwa jina lake kamili, halafu kliniki nyingine. Bosi hakusema neno. Mwenzetu aliyekaa pembeni yake aliona, na Jumatatu nikaanza kuulizwa, "Shoga, mambo yamefikia wapi huko?" Jambo nililowaficha hata mawifi zangu miaka miwili! Mpaka leo linaniuma.

Na wiki moja kabla nilikuwa nimefuta Timeline, kumbukumbu ya mahali simu ilipopita. Niligusa picha yangu juu kulia, nikaingia Your Timeline, nikaenda kwenye mipangilio yake na kuchagua Delete all Timeline data. Siku zote zikabaki tupu, nikajiona nimemaliza kazi.

Kumbe Timeline inatunza mahali simu ilipofika. Majina uliyotafuta na njia ulizoomba vinakaa kwingine, kwenye akaunti, chini ya Web & App Activity. Ukifuta huku, kule hakuguswi. Ndiyo maana kliniki ya pili ilikuwepo kwenye orodha, na sikuwahi kukanyaga pale; nilitafuta njia tu, usiku, nikaghairi.

Jioni ile nilifungua myactivity.google.com, nikachuja ibaki Maps peke yake, nikabonyeza Delete, kisha All time. Nilipokuwa nasoma kabla ya kufuta, mikono ilitetemeka: kila njia ya kliniki niliyoomba imeandikwa na saa yake. Kisha nikaenda Activity controls, kwenye Web & App Activity. Hapo usikurupuke, mpenzi msomaji, kwa sababu Turn off inazuia ya kesho tu, ya jana inayaacha palepale. Anayetaka yote yaondoke achague Turn off and delete activity. Ukiona bado unahitaji kumbukumbu, weka Auto-delete ya miezi 3.

Ukiwa na simu mbili, fanya kazi mara mbili. Siku hizi Timeline inakaa ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo ile ya zamani uliyomwachia mdogo wako, kama bado ina akaunti yako, ina yake. Angalia pia alama ya wingu ndani ya Timeline. Kama uliwasha nakala ya akiba, nayo ifutwe.

Halafu usiamini maneno ya skrini. Funga ramani, ifungue upya, gusa sehemu ya kutafutia. Yangu sasa inaonyesha Home na Work tu, kwa kuwa hizo niliziandika mwenyewe na zinafutwa kwenye orodha ya Labeled.