Barua ya kwanza niliichana

Swali la wiki: "Shule ikisema homuweki ya mwanao imeandikwa na AI, utamwamini mwanao au mwalimu?"

Mimi nitasema ya barua, maana kumwamini binti yangu kulinichukua dakika 2 tu. Yuko kidato cha 2, insha ya Kiingereza kuhusu shule za bweni, kapewa sifuri na karatasi ya kipimo imebandikwa: AI asilimia 82. Nikawaka, usiku uleule nikaandika kurasa 2, nimemsema mwalimu, nimetaja mpaka ada ninayolipa. Mama yake akasoma akaniuliza, hapa unajitetea wewe, mtoto yuko wapi? Nikaichana.

Ya pili ilikuwa fupi. YAH: OMBI LA KUPITIA UPYA ALAMA ZA INSHA. Nikamweleza mkuu wa shule kwa heshima kwamba kile kipimo hakijui nani kaandika, kinakadiria tu maneno yanatabirika kiasi gani, na mtoto anayeandika lugha ya pili kwa sentensi fupi na vianzio alivyokaririshwa darasani (na mwalimu huyohuyo, hilo sikuliandika) atatabirika tu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, zilizoandikwa na watu, kwenye vipimo 7, kwa wastani asilimia 61 zikaambiwa ni za AI. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walizima kipimo chao Julai 2023, usahihi mdogo.

Sasa ushahidi. Aliandikia Google Docs kwenye laptop yangu, nikafungua File, Version history, See version history, ukaona insha inakua siku 2, anafuta, anarudia, kakosea tahajia karekebisha. Safi, mpaka aya ya mwisho, hiyo imeingia yote kwa mpigo! Jamani moyo ulinilipuka. Nikamwita, kumbe aliiandika kwenye simu ya bibi yake akajitumia Whatsapp, na meseji ipo na muda wake. Nikaiweka kwenye barua mimi mwenyewe kabla hawajaiona wao, nikaambatanisha picha, nikaomba kitu kimoja tu: aandike aya 2 za mada ileile mbele ya mwalimu, dakika 20, bila simu.

Mkuu akakubali. Binti akaandika, na neno la bweni akalikosea vilevile kama kwenye rafu yake. Alama zikarudi.

Kwa hiyo nimwamini nani? Nilipoanza kuandika hapa ningesema mtoto, basi. Lakini kuhusu ile aya, bila ile meseji hata mimi ningekuwa na mashaka mpaka leo, kwa hiyo nasema usimwamini yeyote kabla hujafungua history, ingawa aliyeandika kwa kalamu hana history, huyo labda aandike tena mbele ya mwalimu, na mtoto mwoga anaweza kuharibu hapo pia. Mwalimu hajaomba radhi, salamu tu. Mdogo wake binti yangu yuko darasa la 6, nimeshamwambia daftari la rafu halitupwi.