Kozi ya mtandaoni au darasani kwa mhasibu aliye kazini?

"Wakuu, ni mhasibu msaidizi hapa Dar, nina diploma. Nataka kujinoa kwenye VAT na QuickBooks bila kuacha kazi. Nichukue kozi ya cheti mtandaoni au ya jioni darasani? Cheti cha mtandaoni kinasaidia kupanda cheo? Nimepata moja ya mtandaoni, mwalimu ni Mmarekani, ofa inaisha Ijumaa."

Mkuu, usilipe! Iache hiyo ofa iishe, Ijumaa nyingine itarudi na punguzo kubwa zaidi. Nawajua hao.

Kozi ya aina hiyo niliichukua mimi nikiwa nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeniuzia ni jamaa wa kundi la WhatsApp, akaniambia "uhasibu ni uhasibu popote duniani". Kamisheni yake kaichukua, maswali yangu mpaka leo hajajibu. Mungu anamwona.

Debiti na krediti kweli ni zilezile popote. Kodi sizo. Marekani hawana VAT, wana kodi ya mauzo ya majimbo, inayotozwa kwa mlaji wa mwisho tu. Mwenye duka akinunua mzigo wa kuuza, kwa kawaida halipi kodi hiyo. Akinunua kiti cha ofisi anailipa, lakini hairudi, inaingia kwenye gharama ya kiti. Kwa hiyo mwalimu wangu alifundisha kuweka kodi upande wa mauzo peke yake, na ankara ya manunuzi ikaingizwa nzima nzima. Kwake yuko sahihi kabisa. Nami, mwanafunzi mtiifu mwenye cheti cha rangi ya dhahabu, nikaipanga kampuni kwenye QuickBooks hivyohivyo.

Sasa tazama kinachotokea hapa kwetu. Umenunua saruji kwa shilingi 11,800,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Mzigo wenyewe ni 10,000,000 na kodi ni 1,800,000. Ukauza wote kwa 15,000,000 ukaongeza VAT 2,700,000. Unachotakiwa kupeleka TRA ni 2,700,000 ukitoa 1,800,000 uliyokwishamlipa msambazaji, yaani 900,000. Mimi kodi ya manunuzi niliizika ndani ya thamani ya saruji, ripoti ikaniambia tunadaiwa 2,700,000, nikajaza ritani kabla ya tarehe 20 kama raia mwema. Bosi kalipa mara tatu ya anachodaiwa. Na faida, badala ya kusoma 5,000,000, ikasoma 3,200,000, akaanza kumshuku kijana wa stoo. Kijana wa watu hana hata funguo za ghala la nyuma!

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halina kelele. Urari unakaa sawa, benki inakubaliana na vitabu, na TRA hawakupigii simu kukwambia umelipa zaidi. Mkaguzi wa nje ndiye aliyeliona, tena kwa dakika chache: alifungua leja ya VAT ya manunuzi akaikuta sifuri, wakati faili limejaa risiti za EFD za wasambazaji. Kitu cha kwanza kukitazama ukirithi vitabu vya mtu ni hicho. Na usidhani unarekebisha tu basi yameisha. Kodi ya manunuzi ina muda wa kudaiwa, miezi 6, na zile risiti za zamani zilikuwa zimeshapita. Hiyo ndiyo hela iliyokwenda moja kwa moja, na kikao kilichofuata na bosi sikisimulii hapa.

Kwa hiyo mtandaoni au darasani mimi naona ni swali la pili. La kwanza ni hili: kazi yako atasahihisha nani, na kwa sheria ya kodi ya nchi gani? Nimekaa pia kwenye semina ya hotelini ambako mtoa mada alisoma slaidi mpaka chai ya saa nne, hakuna aliyegusa leja. Baadaye nikapata darasa la jioni la mhasibu anayejaza ritani za wateja wake hapahapa mjini. Anakupa bahasha la risiti, nyingine za EFD, nyingine za kuandika kwa mkono, ujenge ritani mwenyewe, kisha anakuchorea nyekundu kila risiti isiyostahili kudaiwa. Angefanya hivyo kwa Zoom ningemlipa vilevile.

Kuhusu cheo, bosi wako simjui. Cheti cha kuhudhuria hakiwi mtihani wa NBAA hata ukikitia fremu.

Mtumie huyo muuzaji ujumbe leo: "Nikinunua mzigo wa 11,800,000 pamoja na VAT, ile 1,800,000 naiweka kwenye akaunti gani?" Akikujibu kwamba inaingia kwenye gharama ya mzigo, mblock. Akikwambia "utajifunza ndani ya kozi", mblock vilevile.