Umbali 3: kugundua makosa 2 au kurekebisha 1?

> Wakuu, kitabu kinasema Hamming (7,4), ule msimbo wa biti 4 za data ndani ya neno la biti 7, ina umbali 3, kwa hiyo inagundua makosa 2 na kurekebisha 1. Mbona kisimbuzi changu nikigeuza biti 2 hakilalamiki, kinatoa jibu baya kimya kimya?

Mkuu, hizo ni ahadi mbili, na umbali 3 haukuruhusu kuzidai zote kwa pamoja. Ukishawasha urekebishaji, ile ya kugundua makosa 2 umeiuza.

Tuanze na msimbo mdogo unaoweza kuukagua kwa kalamu. Maneno halali yawe manne tu: 00000, 01011, 10101 na 11110. Biti 2 za mwanzo ndizo data. Umbali kati ya maneno mawili ni idadi ya nafasi ambazo biti zake zinatofautiana:

```python
def umbali(a, b):
    return bin(a ^ b).count("1")
```

Ukilinganisha kila jozi utapata 3 au 4, kwa hiyo umbali wa msimbo ni 3, yaani ule mdogo kuliko yote. Sasa tuma 01011. Biti ya tatu ikigeuka njiani, mpokeaji anapata 01111. Hilo liko hatua 1 kutoka 01011, na maneno mengine yako hatua 2 au zaidi, kwa hiyo anarudi kwenye neno sahihi bila wasiwasi.

Tuma tena 01011, safari hii zigeuke biti mbili, ya kwanza na ya tatu. Inafika 11111. Neno ulilotuma liko hatua 2, lakini 11110 liko hatua 1 tu. Kisimbuzi kinachofuata jirani wa karibu kitachagua 11110, na data yako 01 inageuka 11. Hakijakosea hesabu hata kidogo, kwa sababu kwake 11111 inafanana kabisa na 11110 iliyopata kosa moja. Mpokeaji asiyerekebisha angeona tu kwamba 11111 si neno halali, akalikataa. Makosa 2 hayawezi kukufikisha kwenye neno jingine halali lililo hatua 3, ndiyo maana kugundua kunafika umbali kutoa 1. Kurekebisha kunafika nusu ya hapo, ukitupa sehemu ya desimali.

(7,4) ni kali zaidi. Ina maneno halali 16, na kila moja limezungukwa na majirani 7 wa hatua moja. 16 × 8 = 128, na biti 7 zina michanganyiko 128 tu. Hakuna hata mmoja uliobaki wazi! Katika msimbo wangu mdogo, 4 × 6 = 24 kati ya 32, kwa hiyo michanganyiko 8 haina jirani wa hatua moja, na kisimbuzi kikiiona kinaweza kusema "sijui". Kwenye (7,4) kila makosa 2 yanaangukia kwa jirani asiye sahihi, bila kubakiza.

Nilikutana na hili kwenye kiungo cha redio cha vihisi. Vipimo vilikuwa vikiruka ghafla, na kilichonishtua kwenye logi ni kwamba ujumbe ulisomeka "sawa" au "umerekebishwa", kamwe si "umeshindikana". Kwa chaneli yenye kelele hiyo ni dalili mbaya. Tulizima urekebishaji, na sindromu, yaani matokeo ya kukagua biti za ulinzi, ikiwa si sifuri ujumbe unaombwa upya, na ile miruko ikawa nadra. Nadra, maana kati ya namna 35 za kugeuza biti 3, namna 7 zinakupeleka moja kwa moja kwenye neno jingine halali na hakuna wa kuziona.

Kama huna njia ya kuomba upya, ongeza biti ya nane ya usawa juu ya zile 7, inayofanya idadi ya 1 katika neno zima iwe shufwa. Umbali unakuwa 4, na hapo ndipo unapata kurekebisha 1 pamoja na kugundua 2. Kanuni ni kwamba umbali ufikie angalau marekebisho + ugunduzi + 1, na 1 + 2 + 1 = 4. Kwenye kodi yako, sindromu isiyo sifuri huku usawa wa jumla umevunjika ni kosa moja, rekebisha. Sindromu isiyo sifuri huku usawa uko sawa ni makosa mawili, kataa. Sindromu sifuri na usawa umevunjika, iliyogeuka ni biti ya nane yenyewe. Kumbukumbu nyingi za seva zimekuwa zikitumia mpango wa aina hii, biti 8 za ulinzi kwa kila biti 64 za data.

Ila makosa 3 yatavunja usawa vilevile, na kisimbuzi kitayachukulia kuwa moja. Kama kelele yako inaharibu biti kwa mafungu, changanya kwanza mpangilio wa biti za maneno kadhaa kabla ya kutuma, ili fungu moja la makosa ligawanyike, kila neno lipate lake moja.